Muhtasari unapogoma kuthibitishwa: dalili, chanzo na namna ya kuandika marekebisho na yatokanayo

Kwenye vikao vya bodi ya SACCOS, kamati ya shule au halmashauri ya kijiji, ajenda mbili hufuatana mwanzoni kabisa: kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, kisha yatokanayo. Zimekaa jirani, na kwa hiyo makatibu wengi huzichanganya. Karibu matatizo yote ninayoletewa na makatibu wenzangu yanaanzia hapo. Kuthibitisha ni kujibu swali moja tu: je, hiki ndicho tulichosema na kuamua siku ile? Yatokanayo yanajibu swali lingine: je, tulichoamua kimefanyika? La kwanza linahusu karatasi, la pili linahusu kazi. Tuyapitie matatizo yenyewe kama yanavyoripotiwa, tukianza na lile la kila mwezi.

Mifano nitakayotumia ni ya bodi ya SACCOS inayokutana mara moja kwa mwezi. Wa kamati ya shule au chombo cha maji abadilishe vyeo tu, utaratibu ni uleule.

Dalili ya 1: Kila muhtasari ukisomwa, mtu anasimama na kusema "mimi sikusema hivyo"

Dakika 40 zinapita kwenye ajenda ya tatu. Mwenyekiti anachoka, anasema "basi tuendelee", na hakuna anayejua kama muhtasari umethibitishwa au haukuthibitishwa.

Chanzo cha kawaida kuliko vyote ni kwamba wajumbe wanausikia muhtasari kwa mara ya kwanza palepale. Mtu anayesikiliza kurasa nne zikisomwa kwa sauti hushika neno moja linalomgusa, na hilo ndilo atakalolisimamia. Jikague kwanza hapa kabla ya kumlaumu yeyote: rasimu iliwafikia lini? Kama jibu ni "walipewa mlangoni", umepata ugonjwa. Rasimu itoke ndani ya siku saba baada ya kikao, watu wakiwa bado wanakumbuka, iende pamoja na ombi dogo: mwenye marekebisho amtumie katibu, akitaja ukurasa na mstari. Makosa ya majina na tarakimu yatakuja kimyakimya kabla ya kikao, na siku yenyewe utakuwa na orodha mkononi.

Chanzo cha pili ni katibu kuandika maneno ya watu. "Mjumbe wa Kamati ya Mikopo alilalamika kuwa Meneja ni mzembe." Hata kama alisema hivyohivyo, sentensi hiyo itapigwa vita, kwa kuwa hakuna anayependa hasira yake ya mwezi uliopita isomwe mbele ya watu wametulia. Andika hoja na uamuzi: "Ilielezwa kuwa taarifa ya marejesho imechelewa kwa miezi miwili. Bodi iliazimia iletwe kabla ya tarehe 28." Jina la msemaji liandikwe pale tu anapotoa hoja ya kupigiwa kura, anapotangaza maslahi yake katika jambo, au anapoomba mwenyewe pingamizi lake liandikwe.

Cha tatu ndicho kigumu zaidi kukibaini. Mjumbe hapingi kumbukumbu, anapinga uamuzi. Amekwenda nyumbani, amefikiri, pengine ameambiwa jambo na watu wake, sasa anataka azimio lisomeke kwa namna nyingine. Dawa yake ni swali moja ambalo mwenyekiti anapaswa kulizoea: "Ndugu mjumbe, unasema hatukuamua hivyo, au unasema tuliamua vibaya?" Akijibu kwamba hatukuamua hivyo, hilo ni sahihisho, lipokee. Akijibu kwamba tuliamua vibaya, muhtasari hauguswi. Aombe jambo liingizwe kwenye ajenda ya kikao kijacho ili azimio la awali lifikiriwe upya, na ombi lake litaandikwa. Nimeona bodi ikibadilisha riba ya mkopo wa dharura kwa kisingizio cha kurekebisha muhtasari. Wanachama waliokopa katikati ya mwezi ule walikuwa na mikataba ya riba ya zamani, karatasi ikasema riba mpya ndiyo iliyopitishwa tangu mwanzo, na kufungua fundo hilo kulichukua muda mrefu kuliko mikopo yenyewe.

Cha nne, ambacho makatibu hatupendi kukikubali, ni kwamba katibu amekosea kweli. Fungua daftari la rasimu, lile ulilokuwa ukiandika wakati kikao kinaendelea. Ndiyo maana halitupwi mpaka muhtasari uthibitishwe.

Ikiwa pande mbili zinakumbuka tofauti na daftari halisaidii, waamue waliokuwapo kikao kile. Wasiokuwapo wanaweza kuwa na haki ya kupiga kura kwa mujibu wa masharti yenu, lakini busara ya kawaida ni kukaa pembeni, maana hawana cha kushuhudia. Kisha andika bila kupamba: "Wajumbe watano kati ya sita waliohudhuria kikao hicho walikubaliana kuwa maneno yaliyoandikwa ni sahihi. Mjumbe mmoja hakukubaliana na aliomba hilo liandikwe."

Simama hapa: kama kinachobishaniwa ni kiasi cha fedha kilichokwisha kulipwa, au ni nani alipewa mkopo, usikubali jambo liishie kwa kura. Kura haiwezi kubadilisha hati ya malipo. Ahirisha uthibitisho wa kipengele hicho peke yake, thibitisha mengine, na mwite mkaguzi wa ndani au Kamati ya Usimamizi walete nyaraka.

Dalili ya 2: Benki, mkaguzi au Afisa Ushirika anaurudisha muhtasari

Umepeleka muhtasari benki kubadilisha watia saini, au mkaguzi ameuomba. Unarudi na alama ya kalamu pembeni: *marekebisho gani?*

Nenda moja kwa moja kwenye sentensi ya uthibitisho. Mara nyingi utakuta hii: "Muhtasari ulisomwa na kuthibitishwa baada ya marekebisho madogo." Kwa waliokuwapo inaeleweka. Kwa msomaji wa nje ni mlango uliofungwa. Ana muhtasari wa Machi unaosema jambo moja, na muhtasari wa Aprili unaosema kuna kilichobadilishwa, bila kusema nini. Hawezi kuamini wowote.

Tuufanyie kazi mfano mzima. Bodi ilikaa tarehe 12 Machi 2025. Iliamua kununua kompyuta mbili kwa jumla ya shilingi 2,400,000. Katibu, akichapa usiku, aligeuza tarakimu: ikawa 4,200,000. Pia alisahau jina la mjumbe aliyechelewa. Kikao kilichofuata ni cha tarehe 9 Aprili 2025. Namba kama 03/04/2025 si tarehe, ni ajenda ya 3 ya kikao cha mwezi wa 4. Hiki ndicho kinachopaswa kuonekana kwenye muhtasari wake:

> Muhtasari 03/04/2025: Kuthibitisha muhtasari wa kikao cha tarehe 12 Machi 2025
>
> Muhtasari uliokuwa umesambazwa kwa wajumbe ulipitiwa ukurasa kwa ukurasa na kurekebishwa kama ifuatavyo:
>
> (a) Ukurasa wa 1, orodha ya waliohudhuria: liongezwe jina la Mjumbe wa Kamati ya Mikopo, aliyeingia saa 4:20 asubuhi wakati wa ajenda ya 4.
>
> (b) Ukurasa wa 3, muhtasari 05/03/2025, aya ya 2, mstari wa 4: badala ya "sh. 4,200,000" isomeke "sh. 2,400,000".
>
> Baada ya marekebisho hayo, Makamu Mwenyekiti alitoa hoja kuwa muhtasari uthibitishwe, Mweka Hazina akaunga mkono, na wajumbe wote wakaafiki. Mwenyekiti na Katibu walisaini.

Kipengele (a) kina saa ya kuingia kwa sababu hiyo si mapambo. Bodi ya watu tisa ambayo masharti yake yanataka nusu ya wajumbe inahitaji watano. Kama saa 3:30 mlikuwa wanne na mtu wa tano akaingia saa 4:20, maazimio yaliyopitishwa katikati ya saa hizo mbili hayakuwa na akidi. Ukiongeza jina bila saa umeyapa uhalali ambao hayakuwa nao. Na hapa pana onyo: sahihisho la mahudhurio likionyesha kuwa akidi haikutimia, sahihisho lenyewe liandikwe kwa ukweli, lakini maazimio hayo hayaponyi kwa kuthibitisha muhtasari. Yarudishwe kama ajenda mpya yaamuliwe upya. Kama fedha ilishatoka kwa azimio la namna hiyo, zungumza na Afisa Ushirika kabla ya kuandika chochote zaidi.

Kipengele (b) kinafuata kanuni ambayo imetuokoa wengi: taja ukurasa, namba ya muhtasari, mstari, maneno ya zamani na maneno mapya. *Badala ya... isomeke...* Ukiacha maneno ya zamani, mkaguzi hawezi kujua kilichofutwa. Ukiacha mapya, hawezi kujua kilichowekwa.

Suala la kutoa hoja na kuunga mkono hutegemea masharti ya chombo chenu. Wengine wanalitaka, wengine wanatosheka na mwenyekiti kuuliza kama kuna marekebisho zaidi na wajumbe kukubali. Fuata masharti. Kama yamenyamaza, mimi huandika majina ya mtoa hoja na mwungaji mkono, maana hakuna muhtasari uliowahi kurudishwa kwa sababu hiyo.

Sasa karatasi yenyewe ya Machi ifanyweje? Hapa ndipo mazoea mabaya yamekita mizizi. Usitumie wino mweupe wa kufutia. Usikwaruze. Vuta mstari mmoja juu ya 4,200,000, ile ya zamani iendelee kusomeka, andika 2,400,000 juu yake kwa kalamu ya wino, kisha mwenyekiti na katibu waweke saini fupi pembeni na tarehe 9 Aprili 2025. Na usichapishe ukurasa upya. Nilifanya hivyo miaka yangu ya mwanzo ya ukatibu, nikidhani nakisaidia chama kuwa na faili safi. Nilichapisha ukurasa wa pili wenye marekebisho, nikauchomoa wa zamani. Sikukumbuka kwamba mjumbe mmoja alikuwa na nakala yake nyumbani na mhasibu alikuwa na nyingine kwenye jalada la malipo. Mkaguzi alipokuja alikuta mihtasari mitatu ya kikao kimoja, na mimi ndiye niliyeulizwa ni upi wa kweli. Nilikuwa na nia njema. Nia njema haikuwa na jalada.

Wanaotunza muhtasari kwenye kompyuta waache faili la kwanza lilivyo, waliloliweka siku ya kusambaza, na wahifadhi nakala iliyochanganuliwa ya karatasi yenye saini na masahihisho ya mkono. Hiyo ya pili ndiyo kumbukumbu. Faili la kuchapa ni rasimu tu, hata likiwa zuri namna gani.

Vyanzo viwili vingine vya kurudishwa ni vidogo ila vinachosha. Kimoja ni tarehe ya saini. Chini ya muhtasari pameandikwa "Umethibitishwa leo tarehe..." na mwenyekiti anajaza 12 Machi, siku ya kikao. Haiwezekani: siku hiyo muhtasari ulikuwa bado haujaandikwa. Tarehe inayowekwa ni ya kikao kilichothibitisha, yaani 9 Aprili. Kingine ni saini ya mwenyekiti ambaye hakuwapo. Kama kikao cha Aprili kiliongozwa na makamu, makamu ndiye anayesaini muhtasari wa Machi, ingawa Machi hakuwa kwenye kiti. Anashuhudia uamuzi wa kikao anachokiongoza, ambao ni kuuthibitisha. Kumpelekea mwenyekiti karatasi nyumbani wiki ijayo ili asaini yeye ni heshima iliyopotea njia.

Dalili ya 3: Kosa linaonekana baada ya muhtasari kusainiwa

Ni Juni sasa. Mhasibu anagundua kuwa muhtasari wa Machi, uliothibitishwa Aprili, umeandika jina la tawi la benki lisilo sahihi.

Angalia kwanza kama ni kosa kweli au ni jambo lililobadilika baadaye. Kama tawi lilikuwa sahihi Machi na akaunti ikahamishwa Mei, muhtasari hauna kosa lolote, acha. Kama ni kosa kweli, usirudi kwenye karatasi ya Machi kufuta. Imeshasainiwa. Kikao cha Juni kiazimie sahihisho kwa maneno yaleyale ya *badala ya... isomeke...*, kikitaja kwamba muhtasari ulithibitishwa tarehe 9 Aprili 2025 na kosa limegunduliwa baadaye. Pembeni mwa karatasi ya Machi andika rejeo tu, "Angalia muhtasari 04/06/2025", na saini fupi. Msomaji ataongozwa kutoka kosa hadi sahihisho, na vyote viwili vitabaki vinaonekana.

Kama muhtasari wenyewe umeshatumika nje, kwa mfano benki imeshabadilisha watia saini kwa kuutegemea, au umewekwa mahakamani kama kielelezo, usifanye lolote peke yako. Muhtasari uliosainiwa huchukuliwa kuwa ushahidi wa yaliyotokea mpaka ithibitike vinginevyo, na sahihisho linalokuja katikati ya kesi litasomwa kama jaribio la kuubadilisha. Hapo ni kwa mwanasheria.

Dalili ya 4: Yatokanayo yanakula kikao kizima

Saa mbili zimepita, mko bado kwenye ajenda ya nne, chai imepoa, na taarifa ya mapato na matumizi haijaguswa.

Chanzo kikubwa: hakuna aliyechagua nini kitokane. Mwenyekiti anauliza "kuna yatokanayo?" na kila mmoja anapekua kurasa akitafuta la kusema. Swali hilo lisiulizwe hivyo. Kabla ya kikao, katibu apitie muhtasari uliopita na kutoa maazimio yanayodai kazi tu. Katika kikao cha Machi cha kurasa nne, huenda yakawa matatu. Yaliyoelezwa kwa taarifa, salamu, na majadiliano yasiyozaa azimio hayatokani na chochote.

Yaandike kwenye jedwali dogo, yasambazwe pamoja na rasimu:

| Rejeo | Azimio | Mhusika | Kufikia | Utekelezaji |
|---|---|---|---|---|
| 05/03/2025 | Kununua kompyuta 2 kwa sh. 2,400,000 | Meneja | 31 Machi | Zimenunuliwa tarehe 26 Machi kwa sh. 2,350,000, stakabadhi ipo jaladani. Limefungwa. |
| 06/03/2025 | Kuwaandikia barua wakopaji 11 waliopitisha siku 90 | Kamati ya Mikopo | 25 Machi | Barua 8 zimefika; 3 hazikupatikana walipo. Linaendelea hadi 30 Aprili. |
| 07/03/2025 | Kupata bei za ukarabati wa paa kutoka kwa mafundi 3 | Katibu | 5 Aprili | Zimepatikana. Angalia ajenda ya 7 ya kikao hiki. |

Utaona mstari wa tatu unaishia kwa kuelekeza kwingine. Jambo likiwa na ajenda yake mbele, halijadiliwi kwenye yatokanayo. Ukiliruhusu, litajadiliwa mara mbili, na mara ya pili watu watakuwa wamechoka na kukubali lolote.

Chanzo cha pili ni kuusoma upya muhtasari mzima wakati wa yatokanayo, mstari kwa mstari, kana kwamba haukuthibitishwa dakika tano zilizopita. Hii hutokea hasa pale ajenda mbili zimeandikwa kama moja: "Kusoma muhtasari na yatokanayo". Zitenganishe kwenye barua ya mwaliko. Mabadiliko ya mstari mmoja, na kikao kinafupika.

Chanzo cha tatu ni mgeni anayeingia kwa mlango wa nyuma. "Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa kuwa tumegusa kompyuta, mimi nina suala la mlinzi." Mlinzi hakumo kwenye muhtasari wa Machi. Apelekwe kwenye Mengineyo au ajenda ya mwezi ujao, na katibu asiandike chochote chini ya yatokanayo zaidi ya hapo.

Dalili ya 5: Jambo lilelile linaandikwa "linaendelea" kila mwezi

Fungua mihtasari sita ya mwisho. Kama paa limo kwenye yote kwa neno hilohilo, usianze na mtu, anza na azimio lilivyoandikwa. "Iliamuliwa paa lishughulikiwe." Na nani? Kufikia lini? Kwa fedha ipi? Azimio lisilo na mhusika hutokana milele. Huwezi kulirekebisha kwenye muhtasari wa zamani kama siku ile mhusika hakutajwa kweli; huko ni kutunga. Kikao cha sasa ndicho kiseme: "Kufuatia azimio 07/10/2024 lisilokuwa na mhusika, Katibu amepewa jukumu hilo kufikia tarehe 30 Aprili 2025."

Azimio likiwa zuri na mhusika yupo, tafuta kinachomzuia, na ukiandike. "Linaendelea" lisisimame peke yake. Lifuatwe na kilichofanyika tangu kikao kilichopita, kilichobaki, na tarehe. Kama hakuna kilichofanyika, andika "Hakuna kilichofanyika tangu tarehe 12 Machi." Inauma kidogo kusomwa, na mwezi unaofuata utaona tofauti.

Mara chache chanzo ni kwamba jambo limekufa. Fundi alishapaka lami, mvua imeisha, hakuna anayelihitaji. Lifunge wazi: "Bodi iliazimia kuliondoa azimio 07/10/2024 kwa kuwa ukarabati umefanywa na mwenye jengo." Lisipofungwa kwa maandishi, katibu ajaye atalifufua.

Jambo la kusubiri hukumu, ukaguzi au jibu la mamlaka nyingine libebe rejeo la barua na tarehe yake, na halihitaji kujadiliwa. Mstari mmoja unatosha.

Dalili ya 6: Uamuzi mkubwa umepatikana ndani ya yatokanayo

Hii haionekani kama tatizo siku inapotokea. Mnapokea taarifa ya wakopaji 11, mazungumzo yananoga, na kabla ya kufika ajenda ya tano mmeamua kuuza shamba lililowekwa dhamana. Mjumbe aliyeomba udhuru alisoma ajenda zenu, hakuona neno "kuuza", akabaki shambani kwake. Ana haki ya kulalamika.

Kipimo changu ni hiki: yatokanayo yanaruhusu kupokea taarifa, kusogeza tarehe, kubadilisha mhusika na kufunga jambo. Kinachotoa fedha mpya, kinachobadilisha azimio la awali au kinachogusa haki ya mtu kinahitaji ajenda yake. Ikiwa mmeshateleza, andika kilichotokea kama kilivyotokea, usikihamishie kwenye ajenda nyingine ili kionekane vizuri. Kisha kikao kijacho kikiweke kama ajenda kamili na kukiamua upya.

Kwa ardhi ya kijiji msimamo ni mkali zaidi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mstari wa yatokanayo unaosema "eneo la ekari 3 lilikubaliwa apewe mwombaji" si kosa la uandishi tu, na halitibiwi kwa sahihisho. Afisa Mtendaji asimamishe utekelezaji, amwone Afisa Ardhi wa wilaya.

Dalili ya 7: Muhtasari wa mkutano mkuu unasubiri mwaka mzima

Mkutano mkuu wa mwaka ulikaa Novemba, mwingine ni Novemba ijayo, na benki inataka muhtasari kesho. Bodi haina mamlaka ya kuthibitisha muhtasari wa mkutano mkuu, ingawa wajumbe wake wote walikuwapo. Kila chombo huthibitisha muhtasari wake. Angalia kwanza masharti yenu, maana yapo yanayoruhusu mkutano wenyewe kuteua wanachama wachache wahakiki rasimu. Kama hayaruhusu, njia ya kawaida ni dondoo: azimio husika peke yake, neno kwa neno, likisainiwa na mwenyekiti na katibu na kugongwa mhuri, pakiandikwa bayana kuwa muhtasari kamili utawasilishwa mkutano ujao kuthibitishwa. Iulize benki kabla kama itaipokea.

Rasimu yenyewe isambazwe mapema hata hivyo. Mwaka mmoja baadaye, kwenye ukumbi wa watu mia mbili, hakuna atakayekumbuka ukurasa wa 6 mstari wa 2.

Ukikuta saini usiyoitambua

Hili sijalipa namba kwa sababu si la kutibiwa na katibu. Ukurasa umebadilishwa, saini ya mwenyekiti haifanani, au azimio lipo kwenye muhtasari ambalo hakuna aliyehudhuria anayelikumbuka. Usilisahihishe kwa *badala ya... isomeke...*, kwa kuwa kulisahihisha ni kukubali kwamba lilikuwa kosa la kawaida. Usiandike pembeni mwa karatasi. Piga picha kurasa zote, funga daftari, lipeleke kwa mwenyekiti kwa hati ya makabidhiano yenye tarehe, idadi ya kurasa na saini za pande zote mbili. Kama mwenyekiti mwenyewe ndiye anayetiliwa shaka, likabidhi kwa mwenyekiti wa Kamati ya Usimamizi. Kutoka hapo ni kazi ya Afisa Ushirika na, ikibidi, polisi. Kikao kijacho kitaandika kwamba uthibitisho wa muhtasari huo umeahirishwa kusubiri uchunguzi, na kwenye jedwali la yatokanayo mstari wake utabaki wazi.